Riteina ya Mama Pacha

Baba Pacha alikuwa fundi wa meno. Si yule anayeng'oa. Yeye alikaa chumba cha nyuma cha kliniki akitengeneza meno ya bandia na riteina, vile vifaa vyembamba vya plastiki vya kushikilia meno baada ya vyuma vya kuyanyooshea kuvuliwa. Alikuwa ametengeneza mamia, na kila mteja alimpa onyo lile lile: usipoivaa, meno yatarudi. Aliyemshinda alikuwa mkewe.

Mama Pacha, mwalimu wa darasa la tatu, alifungwa vyuma akiwa na miaka thelathini na minane. Alivivumilia miaka miwili bila kunung'unika. Vilipotolewa, mumewe alimtengenezea riteina mbili, ya juu na ya chini, kwa mkono wake mwenyewe. Daktari alimwagiza azivae mchana na usiku kwa miezi sita, azivue tu wakati wa kula na kupiga mswaki, kisha azivae usiku tu.

Wiki ya kwanza alisoma imla darasani nazo zikiwa mdomoni. Alisema "samani", nusu ya darasa ikaandika "thamani". Alirudi nyumbani amenuna, akasema hatavaa tena kazini. Ikawa usiku tu. Kisha akazitia kwenye maji yaliyochemka ili ziwe safi, zikajikunja kama maganda. Fundi akatengeneza nyingine. Hizo mkewe alizifunga kwenye karatasi ya tishu harusini ili ale, na mhudumu akazizoa pamoja na mifupa. Fundi akatengeneza za tatu, mdomo ameubana. Hizo zilikaa kwenye droo miezi saba.

Jumapili moja Mama Pacha alijitazama kwenye kioo, akaona jino la mbele la chini limeanza kulilalia jirani yake. Alizitafuta riteina, akaijaribu ile ya chini. Haikuingia. Aliisukuma mpaka fizi ikauma, kisha akaenda sebuleni na kumwekea mumewe juu ya gazeti.

"Baba Pacha, hii umeitengeneza vibaya. Imesinyaa."

Siku ya pili mumewe alimpeleka kliniki, akatoa rafuni umbo la plasta la meno yake, lililochukuliwa siku vyuma vilipovuliwa. Akaipachika riteina juu yake. Ikaingia sawasawa, ikatoa mlio mdogo.

"Plastiki haijasinyaa," alisema. "Meno ndiyo yamehama."

Mama Pacha aliuliza, kwa hasira ya mtu anayejua ameshindwa, kwa nini basi aliteswa miaka miwili kama meno yenyewe hayana adabu.

Daktari ndiye aliyemweleza. Jino, alisema, halikuchomekwa mfupani kama msumari. Limeshikwa na nyuzi. Vyuma vinapolisogeza, nyuzi hizo hunyooshwa, na mfupa unaolizunguka hubaki laini. Mfupa huhitaji miezi kadhaa kukaza, na nyuzi za ndani ya fizi zinaweza kuendelea kulivuta jino lirudi kwa mwaka mzima au zaidi. Na hata baadaye meno hayatulii, hasa ya mbele ya chini. Umri nao huyasogeza, hata kwa watu ambao hawajawahi kufungwa vyuma.

"Kwa hiyo nivae mpaka lini?" aliuliza Mama Pacha.

"Usiku, kwa muda wote unaotaka yabaki yamenyooka."

"Maisha yangu yote?"

"Watu wengi, ndiyo."

Alimgeukia mumewe kana kwamba ndiye aliyeipitisha sheria hiyo. Fundi alikuwa anahesabu vigae vya sakafu.

Daktari alisema riteina mpya ingeyashikilia meno pale yalipo sasa, isingeyarudisha. Kuyarudisha kulitaka vyuma tena, miezi michache. Mama Pacha alikataa. Jino lilale litakavyo, alisema, ila lisisogee zaidi. Basi daktari akamgandishia waya mwembamba nyuma ya meno ya mbele ya chini, akamwonyesha namna ya kupitisha uzi chini yake kila siku, kwa sababu uchafu hupenda kujificha hapo. Kwa juu fundi alitengeneza riteina ya nne.

Alimkabidhi nyumbani, ndani ya kikopo cha rangi ya chungwa inayoonekana hata gizani. Mkewe aliuliza kama hakuwa na rangi yenye heshima zaidi. Akasema hana.

Miezi mitatu baadaye daktari alimkagua meno na riteina aliyokuja nayo, akasema hakuna kilichosogea, hongera sana. Njiani Mama Pacha alilalamika kwamba amepongezwa kama mtoto aliyejifunza kufunga viatu. Baba Pacha alikubali kwamba si haki, akamwuliza kama kikopo kiko kwenye mkoba. Alisema kipo. Fundi akaomba akione.