Herufi Tatu za Tafadhali

Hadi leo nikiona RSVP chini ya kadi, damu inanichemka. Nina duka la steshenari hapa Kilosa mjini, karibu na stendi, na kadi za harusi ndizo zinazoniweka mjini. Kwa hiyo damu inanichemka karibu kila siku, nami nachapa huku nimenuna, wateja wakidhani ni umri.

Kadi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya binti wa marehemu kaka yangu. Mama yake alifariki binti akiwa bado ananyonya, akalelewa Ulaya, kijiji cha hapa hapa Kilosa, kwa dada mkubwa wa mama yake, mwanamke anayelima mpunga na mahindi na ambaye hajawahi kumwita yule mtoto kwa jina lingine zaidi ya mwanangu. Kaka alipokufa naye, mzazi aliyebaki ni huyo. Mimi ni shangazi tu. Nilimpa binti sare na madaftari, lakini homa zake zote alizikesha mama mkubwa.

Mchumba alitoka Mikumi, kwa watu wa mahoteli. Ukumbi ukawa kwao, na kamati ikawa na mwenyekiti wao, bwana aliyevaa suti hata kwenye vikao vya Jumamosi asubuhi. Mimi nilikuwa katibu upande wa bibi harusi, na kadi ilichapwa dukani kwangu.

Nilipeleka rasimu. Chini kabisa niliandika: "Tafadhali jibu kabla ya tarehe," kisha namba mbili za simu, yangu na ya mwenyekiti. Mwenyekiti akaisogeza kadi mbali na macho, kama mtu aliyekuta nywele kwenye chakula.

"Katibu, hii ni kadi au barua ya shule? Weka RSVP."

Nikamwambia kadi yote ni ya Kiswahili na wageni wetu wengi wanatoka Ulaya, Masanze na Chanzuru. Wako wanaoandika "Majibu kwa," na hiyo inaeleweka pia, ingawa ni kavu kidogo. Mimi nilipenda "Tafadhali jibu" kwa sababu ndiyo maana yenyewe ya hizo herufi.

"Maana yake ni kuthibitisha," akasema. "Kila mtu anajua."

Hakuna aliyejua. Hata mimi nisingejua, ila ujanani nilikaa mapokezi ya hoteli moja hapo hapo Mikumi, na mgeni mmoja Mfaransa, mama mtu mzima aliyekuja kutazama tembo na mvua ikamfungia ndani, alinifundisha ili siku zisogee. Aliniandikia kwa kirefu nyuma ya fomu ya wageni: Répondez s'il vous plaît. Akanionyesha kwa kalamu. Herufi ya kwanza ndiyo "jibuni." Tatu zinazofuata zote ni "tafadhali." Akasema kwao bado wanaziandika hizo herufi, ila wengine siku hizi huandika kwa maneno kamili kwamba wanaomba jibu kabla ya siku fulani. Nilishangaa sana. Herufi nne, na tatu ni za kubembeleza.

Hayo nikayaeleza kikaoni. Watu wakacheka, tena upande wetu ndio waliocheka zaidi. Mwenyekiti akachukua kalamu yangu, akakata maneno yangu, akaandika juu yake: "Tafadhali RSVP."

"Haya, na tafadhali yako nimekuwekea."

Kwa hiyo kadi yetu ilisema tafadhali mara mbili, na sijawahi kuona kadi yenye adabu ndogo kuliko ile. Nikaichapa. Naliandika hili wazi kwa sababu nimesikia nikitajwa kama niliyepinga. Nilipinga kikaoni, nikarudi dukani, nikachapa kadi zote bila kukosea hata moja.

Kikao cha mwisho kiliamua kwamba ukumbi utaandaa viti na sahani kwa idadi ya waliojibu. Hapo sikuwa na neno. Mpishi lazima ajue anapikia wangapi, na hiyo ndiyo kazi ya RSVP duniani kote. Nikapewa orodha ya watu wetu niweke alama ya vema kwa kila aliyejibu. Watu wa mjini walipiga au walituma ujumbe. Watu wa vijijini hawakupiga kitu. Nikawafuata mmoja mmoja, huyu kwa jirani yake, yule kupitia mwalimu wa shule, na wote walishangaa kuulizwa. Mzee mmoja wa Masanze, mfugaji aliyehamia kutoka kanda ya ziwa na rafiki wa kaka tangu zamani, aliniuliza kwa uchungu kabisa: "Mama, kwani mmebadili mawazo?" Kwake, kuulizwa kama anakuja harusini ilikuwa dalili kwamba hatakiwi.

Jina la mama mkubwa lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Mbele yake sikuweka alama. Sikumuuliza pia. Mzazi anaulizwaje kama anakuja kwenye harusi ya mtoto wake? Niliona ni matusi. Nikaacha kisanduku kitupu, nikapeleka orodha Mikumi.

Siku ya harusi ukumbi ulipendeza, siwezi kusema uongo. Nilikuwa nikihangaika na viti vya mbele, nikakiwekea kimoja kanga niliyoinunua mwenyewe, kiti cha mama mkubwa. Binti alipoingia, macho yake yalienda pale moja kwa moja, kisha kwangu. Nikamfanyia ishara kwamba yuko njiani. Kutoka Ulaya magari yanachelewa, nilijiambia.

Ikafika zamu ya keki. Mshereheshaji akaita: "Sasa bibi harusi anampelekea keki mama aliyemlea!" Watu wakapiga vigelegele. Binti akasimama na sahani mikononi, na muziki ukapigwa, na hakuna aliyeinuka. Muziki ukaendelea. Yule mtoto alisimama katikati ya ukumbi na keki yake mpaka mshereheshaji akaanza kuchekesha watu, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Mhudumu mmoja akaniinamia sikioni. "Mama, kuna bibi alikuja saa kumi, kashika kadi. Getini wamemrudisha."

Sikumbuki nilivyofika getini. Alikuwepo kijana wa ulinzi, mpole, mwenye karatasi iliyopigwa taipu.

"Alikuwa na kadi?" nikamuuliza.

"Alikuwa nayo, mama. Lakini jina halimo. Niliambiwa waliojibu tu."

"Akasemaje?"

Kijana akaangalia chini. "Alisema, 'Mwanangu, jibu si hili, nimekuja?' Nikamwambia asubiri niulize. Nikauliza. Nikaambiwa viti vimekwisha. Akakaa pale kwenye jiwe kidogo, halafu akapanda gari la kurudi Kilosa."

Aliyesema maneno hayo ya viti vimekwisha ni nani, sikuhitaji kuuliza. Mwenyekiti alikuwa amechukua orodha yangu, akawatoa wote wasio na alama, akapeleka getini majina yaliyobaki. Nilimkuta karibu na meza ya vinywaji, nikamwambia mbele za watu kwamba amemfukuza mama wa bibi harusi.

"Katibu, taratibu. Tulikubaliana. RSVP maana yake asiyejibu haingii."

"Maana yake ni tafadhali!" Nilipiga kelele kiasi kwamba wapiga picha waligeuka. "Umechukua herufi nne, tatu za kuomba, ukazigeuza geti! Kumpunguzia mpishi sahani ni jambo moja. Mtu mwenye kadi mkononi, aliyealikwa kwa jina lake, ukamwacha kwenye jiwe? Kiti chake kipo mbele pale, kina kanga, kiko kitupu tangu saa tisa, nani kakwambia vimekwisha?"

Akanyoosha tai yake. Akasema mambo hayo tungeyazungumza kwenye kikao cha tathmini. Mpaka leo nikikumbuka maneno hayo, kikao cha tathmini, natafuta kitu cha kurusha.

Binti alimaliza harusi yake kwa kulia kwa adabu, yaani bila sauti, na kesho yake akanipigia. Hakutaka kusikia habari za mwenyekiti. Alisema neno moja tu: "Shangazi, mama asipokubali kunipokea na mume wangu, mimi nitasemaje kwamba nimeolewa?"

Jumamosi iliyofuata nilichukua bodaboda mpaka Ulaya, na kipande cha keki kwenye kontena, na hasira yangu yote nikiwa nimeipanga vizuri kichwani. Nilikuwa nimeandaa hotuba kamili juu ya mwenyekiti, suti yake na ujinga wake. Nilimkuta mama mkubwa anapepeta mpunga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, wifi. Karibu. Mwanangu hajambo?"

Nikakaa, nikaanza. Alinisikiliza huku anapepeta, ungo ukipanda na kushuka. Nilimweleza habari za kikao, za rasimu yangu iliyokatwa, za Mfaransa na herufi tatu. Hapo akasimamisha ungo.

"Kwa hiyo pale chini waliniomba?"

"Ndiyo, dada. Walikuomba ujibu. Tafadhali."

"Mimi nilijua ni namba za simu. Mjukuu wa jirani ndiye aliyeniambia, mama, hapa wanataka uwaambie kama unaenda. Nikaazima simu yake. Salio lilikuwa limekwisha, basi nikakubipu."

Nikaweka kontena ya keki chini.

"Nilikubipu mara tatu, wifi. Nikasema utapiga. Hukupiga, nikajua basi, umeona, umeelewa. Si ndivyo tunavyofanya?"

Ndivyo tunavyofanya. Wilaya nzima hii tunaishi kwa kubipu: nimefika, mzigo umeshuka, nipigie, nimekubali. Mimi mwenyewe humbipu fundi wangu wa mashine kila wiki. Nikajaribu kurudi kwenye hotuba yangu, nikasema yule kijana wa getini naye angetumia akili kidogo.

"Usimseme yule mtoto," akasema mama mkubwa. "Alinipa maji. Alikuwa anasoma karatasi aliyopewa." Akaendelea kupepeta. "Mwambie mwanangu aje na mume wake, Jumapili. Mimi sina neno naye."

Hakusema kama ana neno na mimi, na mimi sikuuliza. Alipoingia ndani kunichemshia chai nilitoa simu, nikarudi nyuma kwenye orodha ya simu, siku baada ya siku, mpaka nikaifikia wiki ile ya majibu. Namba ilikuwepo, haina jina, nyekundu, mara tatu, alasiri moja. Juu yake na chini yake zilikuwa simu za mwenyekiti, nazo nilizipokea zote.