Sekunde za Wilkista

Wilkista alikuwa ameshona midomo ya magunia ya chai kwa miaka minane, katika kiwanda kimoja nje ya Kericho, wakati afisi ilipomtuma Benard na saa ya kupimia. Hiyo ilikuwa 1994. Benard aliwaeleza akina mama tisa wa upakiaji kwamba angepima kila gunia la mmoja wao, Wilkista, na anayekimbia angeandikiwa mwendo wa zaidi ya mia, yaani zaidi ya kawaida, ili muda uongezwe umfae mfanyakazi wa kawaida.

"Usiharakishe," Chepkurui, aliyeshona kando ya Wilkista, alimnong'oneza.

Lakini saa ilipobonyezwa nyuma yake, Wilkista aliingiwa na woga na mikono ikakimbia yenyewe. Alishona magunia ishirini, kwa wastani wa sekunde hamsini kila moja. Alipogeuka kufuta jasho, aliona Benard ameandika mia.

"Ndugu yangu, huo si mwendo wangu wa kila siku. Nilikuwa nakimbia."

"Mama, mimi nimeona mtu anafanya kazi kawaida," Benard alijibu bila kumtazama. Juu ya sekunde hizo akaongeza asilimia kumi na tano ya kupumzika, akafunga daftari.

Jumatatu tangazo lilibandikwa mlangoni. Gunia moja, sekunde hamsini na nane. Wapakiaji sita wanatosha. Majina ya watatu watakaoachishwa yatasomwa Ijumaa.

Chepkurui alilisoma mara mbili.

"Hizo ni sekunde zako, Wilkista," alisema taratibu.

Walirudi kazini. Siku hiyo hakuna aliyemsemesha tena, na Wilkista, kwa hofu ya Ijumaa, hakuthubutu kupunguza mwendo.