Maji Matamu ya Nyuma ya Nyumba

Darasani nilikaa miezi saba kwa wamisionari, nikatoka najua kusoma pole pole na kuandika jina langu. Mengine yote nimejifunza kwa mikono. Anayetaka maneno ya kisomi atafute kitabu kingine.

Miaka ya mwisho ya Wadachi nilikuwa mtu wa maji kwenye boma la Arusha. Maji yaliletwa na mfereji kutoka mto Themi, yakaingia kwenye tangi la mawe, kisha yakashuka kwa mabomba ya chuma. Bomba la kwanza lilikuwa kwenye nyumba za askari, karibu na tangi. La pili lilikuwa zizini kwa nyumbu, mbali, mwisho kabisa wa chuma. Na kulikuwa na la tatu, ila hilo halikuwa la watu. Lilikuwa nyuma ya nyumba ya bwana wa ghala, Mdachi, nalo lilitoa maji ya mvua yaliyotoka kwenye mabati ya paa.

Mwaka ule askari wakaharisha damu, wawili wakafa. Daktari wa Kidachi akaamuru chokaa ya dawa itiwe tangini kila siku. Ni unga mweupe unaochoma pua mpaka machozi. Mkorogaji nilikuwa mimi. Siku za kwanza nilizidisha, maana niliona dawa nyingi ni bora kuliko dawa kidogo, na maji yakanuka hata nyumbu wakageuza vichwa.

Askari mmoja, mtu wa Usukuma, alinisimamisha bombani.

"Wewe Mmeru, Mdachi amekutuma utuue?"

"Angetaka kuwaua ana bunduki."

"Bunduki inakula risasi. Chokaa anayo gunia zima."

Wenzake wakacheka, lakini hawakunywa. Walikwenda zizini, ambako harufu ilikuwa imepungua njiani. Huko nako maji yalikuwa na ladha ya chuma, kama umelamba panga. Kanzu ikifuliwa inatoka na rangi ya udongo, chai inakuwa nyeusi kama wino. Wakalalamika na hilo pia. Kuharisha kukaisha, na malalamiko yakaendelea.

Mke wangu alikuwa na mimba. Ya kwanza ilikuwa imetoka mwezi wa tano, na mama yake wa kule Sekei alikuwa ameanza kuniangalia kama mbuzi mgonjwa. Nikaapa kwamba hii haitatoka. Nikaamua mke wangu hatakunywa chokaa wala kutu. Kila alfajiri, kabla mpishi wa bwana wa ghala hajaamka, nilijaza kibuyu kwenye lile bomba la tatu. Nilihakikisha nimechota maji ya kwanza kabisa, yale yaliyolala ndani ya bomba usiku kucha. Niliyaona kama maziwa ya juu. Yalikuwa meupe, hayana harufu, yanaivisha maharage upesi, sabuni inatoa povu bila kusugua. Mwenye nyumba aliyatumia kuoga tu. Kunywa, alikunywa bia.

"Unayatoa wapi?" mke wangu aliniuliza.

"Kunywa."

"Nimeuliza yanatoka wapi, sikuuliza yafanywe nini."

"Kazini."

Miezi miwili ikapita. Tumbo likaanza kumkaza, si la uzazi, la juu, mpaka anajikunja. Choo kikafunga siku nne, siku tano. Akapauka. Akaniambia mdomo wake una ladha ya chuma hata akiwa hajala wala hajanywa kitu. Nikasema basi, jirani anamnywesha maji ya zizini. Halafu nikasema hapana, ni chokaa. Nilikuwa na hakika zote mbili kwa pamoja.

Nikachukua chupa mbili, moja ya bomba la askari, moja ya zizini, nikaenda hospitali ya boma na mke wangu nyuma. Msaidizi wa daktari alikuwa mtu wa Tanga, mwenye kofia safi na ulimi mrefu.

"Umeleta pombe?"

"Nimeleta sumu. Mwambie bwana daktari atazame."

"Shemeji," akamwambia mke wangu, "huyu mumeo leo ameamka Mdachi."

Daktari hakucheka. Alimfunua mke wangu mdomo, akatazama ufizi muda mrefu, akamwonyesha msaidizi wake mstari mwembamba wa bluu kwenye mizizi ya meno. Kisha akanusa chupa ya kwanza. Msaidizi akanitafsiria: hii harufu ni dawa inafanya kazi, ukiyaacha kwenye chungu wazi mpaka kesho itatoka, na ikizidi sana kosa ni la mkorogaji. Mkorogaji nikamsogezea chupa ya pili. Ya pili akaonja, akatema. Kutu ya chuma. Inaharibu nguo na chai, haiharibu mtu. Fungulia kwanza yatoke yaliyolala, ndipo uchote.

Lakini hakuishia kwenye ulimi. Alimimina maji ya kila chupa kwenye bilauri yake, akatia siki kali, akasema siki inazuia chuma kisimdanganye, kisha akadondosha dawa inayonuka yai bovu. Tukasubiri. Bilauri zote mbili zikabaki vile vile.

"Bwana anauliza," msaidizi akasema, "mama anakunywa maji gani mengine?"

Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama dirisha.

"Hakuna mengine," nikasema.

Kuiba kwenye nyumba ya Mdachi kulikuwa hamsa ishirini, fimbo ishirini na tano za kiboko, na kazi inakwisha. Tukarudi nyumbani. Njiani alisimama mara tatu, ameshika tumbo, na mara ya tatu akaniuliza kama mtoto anacheza kidogo kwa sababu amelala au kwa sababu nyingine. Nikasema amelala. Sikuwa najua.

Kulipokucha nikachota chupa ya tatu mchana kweupe, mpishi akinitazama, nikaipeleka hospitali na kusema nilikoitoa. Daktari akatia siki, akadondosha ile dawa. Maji yale mazuri yakageuka rangi ya kahawa mbele ya macho yangu.

"Risasi," msaidizi akasema, bila utani safari hii. "Hilo bomba limepindwa kwenye kona, siyo? Chuma hakipindiki hivyo. Ni bomba la risasi, madini laini yenye sumu. Maji ya mvua yanailamba, na yakilala humo usiku yanalamba zaidi. Hayanuki, hayana ladha. Hata ukichemsha haitoki."

"Mimi nilichota yaliyolala."

"Najua. Umemchagulia yenyewe."

Daktari aliandika barua mbili. Ya kwanza iliamuru bomba ling'olewe. Ya pili ilikwenda kwa bwana wa ghala, na nikapigwa hamsa ishirini mbele ya askari walewale. Kazi sikufukuzwa, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kukoroga chokaa. Nikapewa kijiko cha kupimia.

Mke wangu aliniosha mgongo kwa maji ya bomba la askari, ambayo sasa niliyalaza kwenye chungu wazi.

"Hata kuiba hujui," akasema. "Watu wanaiba sukari."

Tumbo lake likalegea kidogo kidogo, choo kikafunguka. Siku hizi nasikia wapima maji wanasema chemchemi zetu za Meru zina madini yanayotia meno yetu rangi ya kahawia, nayo hayanuki wala hayana ladha. Nawaamini bila kubishana. Mimi harufu nimeacha kuiogopa tangu zamani. Nauliza maji yamepimwa na nani.

Mtoto alizaliwa mapema kidogo, msichana, mwembamba. Mama mkwe alimshika, akampiga kofi la mgongoni, mtoto akalia. Mama mkwe akanitazama, akasema nilete maji ya kumwogeshea, na niseme kwanza nimeyatoa wapi.

Nikasema bombani kwa askari, sasa hivi.

"Yananuka," akasema.

"Ndiyo."

Akamwogesha.