Neno kwenye Utepe wa Mkoba

Watu wa mtaa walimwita Mama Kamusi. Alijifunza Kiitaliano miaka mingi akiwa karani wa kampuni ya Waitaliano ya kuchonga mawe, na kampuni ilipofungwa lugha ilibaki naye, kama harufu inavyobaki kwenye nguo ya kazini. Sasa alikuwa na meza moja dukani kwa shemeji yake, pembeni ya mashine ya kutoa nakala, akiwatafsiria wenye safari.

Asubuhi ile alikuja fundi cherehani, mama mtu mzima mwenye sindano mbili kwenye kola. Mjukuu wake alizaliwa kabla ya siku zake huko Italia, na binti yake hakubanduka hospitali. Fundi alikuwa amepangishiwa nyumba ya wageni karibu na hospitali hiyo, na angefika baada ya jua kuzama, peke yake, bila wa kumpokea.

"Huyu mwenye nyumba anataka picha ya pasi yangu," alisema, akimsogezea simu. "Mwanangu, pasi nimpe mtu nisiyemjua hata kwa sura?"

"Sheria ya kwao, mama. Kila mgeni anayelala, mwenye nyumba lazima apeleke jina lake polisi. Ila tuma humu humu kwenye ujumbe wa tovuti mliyopangia. Akikwambia utume kwingine, kataa."

"Polisi! Hata kutia mguu bado, nishaandikwa polisi."

Shemeji alicheka mpaka karatasi zikakwama kwenye mashine.

Picha ikatumwa. Mwenye nyumba akashukuru na kuleta maelekezo ya kuingia. Mama Kamusi aliyatafsiri kwa moyo wote. Lango la kijani, namba za siri za kubonyeza. Ukumbini, chini ya masanduku ya barua, kuna visanduku vya funguo. Chako kimeandikwa "Wageni". Namba zile zile zinakifungua. Panda ghorofa ya pili, mlango wa kushoto. Ukitaka kutoka, lango hufunguka kwa kitufe cha ukutani kilichoandikwa "Fungua Mlango". Kiswahili kilinyooka, hakikuwa na kikwazo hata kimoja.

Fundi alisoma polepole, akikunja karatasi kwa kucha kama anayekunja pindo.

"Kumbe huko nao huandika Wageni kama sisi," alisema kwa furaha. "Dunia ndogo jamani! Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Akaenda zake. Mama Kamusi alibaki na shukrani ile mkononi kama chai ya moto. Alikuwa ameanza karatasi nyingine kauli ya fundi ilipomrudia, na safari hii ikamchoma. Kama sisi? Nani kule angeandika Wageni? Alikuwa ametafsiri hadi maandishi ya ukutani. Mama wa watu angesimama ukumbini usiku, simu imeishiwa chaji, akitafuta neno ambalo halipo katika nchi nzima.

"Shemeji, nishikie meza!"

"Kuna nini tena?"

"Nimempoteza mtu kabla hajaondoka."

Alimkuta fundi nyumbani, sanduku limefungwa, mwenyewe yuko kwenye cherehani akimalizia kofia ya kichanga, ndogo ya kutosha kuvikwa chungwa. Mama Kamusi alieleza huku akihema. Alitarajia lawama, alistahili.

"Basi hilo tu?" fundi akasema. "Mimi nilidhani ndege imefutwa. Kaa, unywe maji. Andika hayo maneno yao, makubwa, kama yalivyo."

Mama Kamusi akachukua chaki ya fundi na kuandika juu ya kitambaa neno la kisanduku: OSPITI. Chini yake, la kitufe: APRIPORTA. Fundi hakuuliza yanatamkwaje. Alibadilisha uzi, akachagua mwekundu, akayadarizi yote mawili kwenye utepe wa mkoba wake, herufi baada ya herufi.

"Karatasi hupotea, simu huzima," alisema. "Mkoba wangu mimi siuachi. Kusoma lugha yao siwezi, lakini kulinganisha? Hiyo ndiyo kazi iliyonilisha."

Waliagana mlangoni. Fundi alimshika mikono yote miwili. "Wangapi wangenifuata mpaka huku? Wengi wangesema, shauri yake."

Siku iliyofuata usiku wa fundi kufika, Mama Kamusi hakuweza kazi. Alitafsiri mstari, akatazama simu. Kisha picha ikaingia. Kisanduku cheusi chenye maandishi meupe, OSPITI, na chini yake utepe wa mkoba, uzi mwekundu, herufi chini ya herufi. Kifuniko kilikuwa wazi. Ndani hamkuwa na kitu: funguo zilikuwa zimeshachukuliwa.

Sauti ikafuata, ya chini, ya mtu aliye karibu na kitoto kilicholala. "Nimelala vizuri, mwanangu, na asubuhi nimetoka kwa lile neno la pili. Kofia imemwenea. Binti yangu anakusalimu, anauliza akulipe nini."

Mama Kamusi aliisikiliza tena, halafu akampa shemeji naye asikie. Ndipo akavuta karatasi ya mteja aliyefuata, na kila palipokuwa na neno la ukutani akaliacha kama lilivyo, kwa wino mwekundu.