Tilapia wa Vidole Vitatu

Kwa miaka thelathini na mitatu Wilkista alikaanga samaki Kitale kwa masikio. Msinielewe vibaya, macho alikuwa nayo, na mazuri. Lakini alikuwa akimtumbukiza tilapia mzima kwenye karai, anageuka kukatakata sukumawiki, anapiga soga na wateja, huku sikio likibaki kwenye mafuta. Mafuta yakilia kwa fujo, samaki bado ana maji mwilini. Kilio kikipungua, anageuza. Kikififia kabisa, anaopoa. Watu walitoka mbali kama Endebess kuja kula samaki wake, ngozi ikivunjika kama kaukau za viazi na nyama ndani ikiwa laini.

Kisha sikio la kushoto likamtoka, na la kulia likaanza kulifuata. Daktari alimwambia ni mishipa ya ndani, haina dawa. Akamwandikia na swali kwenye karatasi, maana maneno mengi ya mdomo yalimpita: kwenu kuna mwingine aliyepata shida hii? Wilkista akatikisa kichwa kwamba hakuna.

Hakumwambia mtu yeyote, hata Fridah bintiye aliyekuwa akimsaidia kibandani. Aliendelea kukaanga kwa rangi tu. Sasa rangi ni mwongo mkubwa. Mafuta yakiwa moto kupita kiasi, samaki mnene anapendeza nje kwa dakika chache huku ndani karibu na mfupa angali mbichi. Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi moja alipomwandalia Mzee Bethwel, mteja wake wa tangu kibanda kilipofunguliwa. Mzee alimvunja samaki, akatazama, akaisukuma sahani pole pole. Afadhali angegomba.

Fridah aliiona ile nyama ya waridi iliyong'ang'ania mfupa. Akamshika mama yake bega na kumwambia karibu na sikio, "Mama, hii samaki iko mbichi. Kwani husikii? Nimekuita mara tatu! Si upumzike tu, bana. Jumamosi ijayo mimi ndio nitakaa kwa karai."

Wilkista alilia siku hiyo, na sioni aibu kulisema. Mtu akipokonywa karai lake katika umri wa miaka sitini na moja, abaki na nini? Kuosha sahani?

Wiki nzima aliwaza Bungoma. Huko ndiko alikofundishwa kazi na shangazi yake, Sellah, ambaye yeye alimwita Senge kama wanavyowaita dada za baba kwao. Alimkumbuka Senge akiwa na leso kiunoni, akimpaa samaki magamba, akimtumbua, akimchanja mistari mitatu kila ubavu mpaka kisu kiguse mfupa, halafu akimpangusa kwa kitambaa mpaka awe mkavu, kwa sababu maji na mafuta ya moto ni ugomvi. Aliukumbuka hata ule moshi, akautamani.

Lakini kubwa zaidi alikumbuka saa. Senge alikuwa ametundika saa ya ukutani kwenye nguzo ya kibanda cha samaki. Alikuwa anamlaza samaki ubavu, anasimamisha kiganja nyuma ya kichwa, pale mgongo ulipo mnene, na kuhesabu unene ni vidole vingapi. Kila kidole ni dakika tano. Vidole viwili, dakika kumi, nusu kila upande. Vidole vitatu, dakika kumi na tano, tena makaa mengine yatolewe jikoni, moto uwe wa wastani, ili nje isiungue kabla joto halijafika mfupani. Mafuta aliyapima kwa kijiti kikavu: viputo vikikizunguka bila pupa, tia samaki, yakitoa moshi, ngoja yapoe. Na samaki wasibanane, maana wakijaa, mafuta yanapoa na wanakunywa mafuta badala ya kukaangika.

Wilkista, msichana mwenye masikio makali, aliona haya yote ni mchezo. Alikuwa akisimama nyuma ya Senge akimwigiza, vidole hewani, shingo imenyooshwa kwa ile saa, na wateja wakifa kwa kicheko. "Ati samaki ana ratiba kama shule!" Senge hakugeuka hata siku moja. Wilkista alidhani ni majivuno. Mwishowe alifunga virago, akaenda Kitale kufungua kibanda chake, kisicho na saa.

Jumamosi ilipofika, Mzee Bethwel alirudi, Mungu ambariki. Fridah alikuwa tayari ameketi kwenye karai.

"Nipe moja tu," Wilkista alimwomba. "Nikiharibu hii, sitagusa karai tena."

Fridah akaguna, akampisha.

Wilkista alichagua mkubwa kuliko wote. Vidole vitatu kamili. Akamchanja, akampangusa, akamtia chumvi, akatoa makaa mawili matatu jikoni. Akazamisha kijiti, viputo vikaja kwa utulivu. Akaegemeza simu ya Fridah kwenye kopo la chumvi ili aone saa, akamlaza samaki taratibu. Hakumgusa mpaka dakika saba na nusu, kwa sababu ukimgeuza mapema ngozi inabaki kwenye karai. Akamgeuza mara moja tu.

Dakika ya kumi na moja rangi ilikuwa imependeza tayari. Fridah alimwashiria amtoe. Wilkista akakataa. Ya kumi na mbili, Fridah akasimama na kijiko cha matundu mkononi. Mama yake akamzuia kwa kiwiko, macho kwenye simu, shingo imenyooka.

Hapo ndipo alipojiona. Alikuwa amekaa vile vile alivyokuwa akimwigiza Senge. Na akakumbuka kwamba mwanzoni kibandani hapakuwa na saa. Ililetwa baadaye, karibu na wakati Senge alipoanza kuwapigia wateja kelele akidhani anazungumza, na kukaa kimya akiitwa.

Kwenu kuna mwingine?

Dakika ya kumi na tano alimwopoa samaki, akamweka kwenye waya achuruzike mafuta. Mzee Bethwel akamvunja. Ngozi ikalia, Wilkista hakuisikia, ila aliona Fridah akitabasamu. Nyama ilikuwa nyeupe, ikaachana na mfupa bila kulazimishwa. Mzee akala mpaka mkia. Fridah akarudi kwenye sukumawiki mwenyewe.

Ungedhani mwanamke huyu angeshangilia. Jumatatu asubuhi alifunga tilapia wawili kwenye gazeti na barafu, akashika njia ya Bungoma.

Senge alikuwa amezeeka mno, mdogo ndani ya sweta yake, lakini macho yalikuwa yale yale. Wilkista hakueleza kitu. Aliwasha jiko uani, akapima vidole, akaweka simu wazi mbele yake. Senge alimtazama kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Walipokula, Senge alichunguza mfupa, akaulamba, akautua.

"Imeiva," alisema kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Masikio imeenda?"

Wilkista akaitika kwa kichwa.

"Yangu ilienda nikiwa na hamsini. Niliogopa watu wakijua watasema siwezi kazi." Akauokota tena mfupa. "Ulikuwa unanicheka nyuma yangu. Sikusikia. Lakini nilikuwa naona wateja wakikuangalia."

Moyo wa Wilkista ulipasuka. "Nisamehe, Senge," alisema.

"Nini?"

"Nisamehe!"

Senge akasogea, mkono nyuma ya sikio. "Ati nini?"

Wilkista akasimama, akapaza sauti yote aliyokuwa nayo. "Nimesema unisamehe, Senge! Nilikukosea!" Ng'ambo ya ua, jirani aliacha kufua, akageuka kutazama, na watoto waliokuwa wakicheza wakatulia. Wilkista hakujali. Angelirudia mpaka jioni.

Senge alikuwa akiiangalia midomo yake.

"Sema tena," alisema, macho yamemjaa machozi. "Hiyo nimeisikia, lakini sema tena."