Fremu Mbili kwa Mpigo

Fundi wa kuchovya nikeli hakuwahi kumshinda bosi wake kwa ubishi. Tangi lilizoea kupaka fremu moja ya kutembelea, ile wanayoshikilia wagonjwa, kwa saa nzima, lakini bosi alinunua ndoano nyembamba ili fremu zitundikwe mbili kwa mpigo.

"Mashine inatoa ampea mia tu, bosi," fundi, dada wa watu, akamsihi. "Ampea na muda ndivyo vinavyoamua gramu za nikeli. Gawa gramu kwa densiti upate ujazo, gawa ujazo kwa eneo upate unene. Eneo likiwa mara mbili, mikroni ishirini na tano zinabaki kumi na mbili na kidogo, na kutu itapenya. Labda tuziache saa mbili."

"Saa moja! Zinang'aa au hazing'ai?"

Zilikuwa zinang'aa kama kioo. Fundi akazitoa saa moja ilipotimia, maana jicho halioni mikroni.

Jumapili alimkuta mama yake bafuni, kashikilia fremu mpya kwa mikono miwili. Fundi akainama, akapapasa chini ya bomba la fremu. Alama ya ndoano ilikuwa nyembamba, ya zile ndoano mpya.

"Kaka yako kaninunulia," mama akasema kwa furaha. "Nimemwambia alete ya kwenu, naijua kazi ya mwanangu. Maji hayataiharibu, eti?"

Nyingine angeitoa wapi, na zote dukani zilikuwa za tangi lile lile?

"Haitaharibika, mama," akajibu. Akachukua taulo, akaanza kuipangusa fremu, nayo ilikuwa kavu bado.