Nilichomwambia Shefu Siku Mama wa Pasi Alipoanguka

Asubuhi ile tulikuwa tunasubiri basi ya kambi kwenye kona ya soko, sisi wanawake wa kufua. Tunafua nguo za wachimbaji na mashuka ya kambi ya kampuni moja nje kidogo ya Kolwezi. Mi nilikuwa nakunja. Mama mmoja, umri wa dada yangu mkubwa, alikuwa anapiga pasi, na tulimwita hivyo tu, Mama wa Pasi. Alisimama mbele yangu kwenye mstari, ananisimulia jinsi mtoto wake alivyokataa viatu vya shule. Akanyamaza katikati ya maneno, akanishika bega, akaanguka kwa ubavu ndani ya vumbi.

Alifumba macho kidogo, kisha akafumbua. Aliuliza mfuko wake uko wapi. Alipojaribu kuinuka, miguu ilikataa. Mdogo wake, ambaye anauza mikate pale pale, alikuja mbio, wakampakia kwenye teksi kwenda kituo cha afya. Basi ikafika. Nikapanda, kwa sababu tukikosa wawili, mashuka yanalala.

Kwetu, aliyeona ndiye anamwambia shefu, msimamizi wetu, na anamwambia kabla basi haijafika kwenye geti. Ambaye habari yake haijafika mpaka hapo anahesabiwa ametoroka kazi. Na mwezi ulikuwa unaisha. Shefu alikuwa bado anachagua nani atapewa kontra, yaani mkataba, tena na nani atarudi nyumbani.

Nilipotoa simu, basi nzima ikawa na maoni.

"Sema palu, dada," akasema mama mmoja wa kufua aliyekaa nyuma yangu, akimaanisha malaria. "Kila mutu anasema palu. Haina matata."

"Palu gani?" akajibu jirani yake. "Ile ni mimba. Hamukuona vile alishika tumbo?"

"Alishika bega yangu," nikasema.

"Weye mutoto, unajua nini ya mimba?"

Wakacheka. Mi pia nikacheka, ingawa sikutaka.

Moyo wangu ulivutwa na palu. Malaria watu wanaihurumia. Lakini kambini ukisema palu, wauguzi wanadai kipimo, na shefu alikuwa amechoka na palu za Jumatatu ambazo kipimo hakizioni. Na neno la mimba, hata likiwa uongo, lingetosha kumtoa mtu kwenye kontra. Nikapiga.

"Alo, shefu, bonjour. Niko ndani ya basi. Mama wa Pasi ameanguka pale tunangojea basi. Leo hatafika."

"Ameanguka namna gani? Alijikwaa?"

"Hapana, shefu. Alikuwa amesimama, akaanguka. Macho alifungua, na aliongea. Mudogo yake amemupeleka ku kituo cha afya, kile cha karibu na soko."

"Ni palu?"

"Sijui, shefu."

"Eko na mimba?"

Sauti yake ilitoka nje ya simu. Hata dereva alipunguza redio.

"Sijui, shefu. Munganga wa kituo ndiye atasema."

"Kesho atakuja?"

"Hiyo pia sijui. Mudogo yake eko na namba yangu. Akinipigia, nitakuja kukuambia."

Nikamsikia anavuta pumzi. "Leo weye haujui kitu."

"Najua ameanguka, shefu. Na najua penye eko."

"Bon. Utashika pasi weye."

Nilipokata simu, mama wa nyuma akanigusa. "Ungesema hata palu kidogo!"

Kabla ya saa sita mdogo wa Mama wa Pasi akapiga. Nikaenda kwenye ofisi ya shefu, mikono bado ya moto. Nikamwambia: wamemlaza, wamemwekea serumu kwenye mshipa, na daktari hajasema sababu.

"Huku banasema ni mimba," akasema shefu.

"Banasema, shefu. Mi sikuona."

Akaniangalia, kisha akaangalia dirishani. Akasema nimwambie mdogo wake alete karatasi ya daktari Mama wa Pasi akitoka kituoni, na kwamba kwa sasa yeye ni mgonjwa, si mtoro. Nikarudi kwenye pasi. Nilipiga mashuka na mashati huku nawaza duka la kufua ninaloota kulifungua mjini, lenye mapazia ya buluu, na nikaunguza kola ya mtu.

Mama wa Pasi alirudi baada ya siku chache, amekonda kidogo. Karatasi yake alimpa shefu mwenyewe mkononi. Shefu aliisoma, akaitia kwenye droo, akasema wiki hiyo akunje akiwa amekaa, mi nibaki na pasi. Mwisho wa mwezi kontra yake ilikuwemo pamoja na zetu.

Siku ile aliporudi aliniuliza, "Ulimwambia shefu nini?"

"Kwamba ulianguka."

"Na nini tena?"

"Kwamba sijui."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, mama."

Alicheka mpaka akafuta macho. Karatasi ilisema nini, hakuniambia, na sikuuliza. Akanyoosha mkono kutoka kwenye kiti. "Basi shika huko, tukunje," akasema, na shuka ikatandazwa kati yetu.